Laptopu haisomi memori kadi yoyote: pima kadi kwa rida ya USB kabla ya kuilaumu madabodi

*"Fundi, habari. Mimi hupiga picha za harusi na ruracio hapa Nairobi na viungani. Tangu wiki jana laptopu yangu haisomi memori kadi yoyote. Nikiingiza ni kimya, hata ile sauti haitoki. Kadi moja ni SD ya GB 64 ya kamera, nyingine ni maikro SD ndani ya adapta, na hiyo adapta mara ya mwisho ilikwama kidogo nikiitoa. Nimepuliza kwa mdomo, nimeingiza na kutoa mara nyingi, wapi. Jamaa mmoja wa Luthuli ameniambia madabodi imekufa, mwingine ameniambia nifomati kadi. Picha za wateja ziko humo. Nianzie wapi?"*

Anza kwa kuacha kuingiza kadi kwenye hilo tundu, ndugu yangu. Hiyo adapta uliyosema ilikwama ndiyo fununu kubwa zaidi katika barua yako, na kama kuna pini iliyopinda huko ndani, kila kadi unayoisukuma inaipinda zaidi. Pini iliyoinama kidogo hurudishwa mahali pake kwa dakika chache. Iliyokanyagwa na kadi mara kumi huvunjika, na hapo kazi inakuwa nyingine kabisa.

Habari ya kufomati isikuguse. Laptopu isiyoiona kadi haina namna ya kuifomati. Ingebidi uipeleke kwenye mashine nyingine, na kama mashine hiyo inaiona kadi kiasi cha kuweza kuifomati, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba inaweza kukusomea hizo picha kwanza. Hivyo huo ushauri ungekugharimu kazi ya wateja bila kugusa ugonjwa wenyewe. Kuhusu madabodi, huyo wa Luthuli huenda anakisia tu. Madabodi hailaumiwi kabla kadi haijapimwa kando.

Kupima kando ndiko kunakoitwa kutumia rida ya USB. Ni kale kadude kadogo chenye tundu la SD na mara nyingi tundu la maikro SD pia, kinachochomekwa kwenye USB. Luthuli na Moi Avenue utakipata kwa mia chache za shilingi. Ukipata chenye USB 3.0 chukua hicho, kwa maana baadaye kitakufaa hata tundu la laptopu likipona.

Kichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, wala si kupitia kigawanyaji cha USB. Ingiza ile kadi ya kamera ya GB 64 kwanza, kwa sababu yenyewe haina adapta ya kukuchanganya. Ikifunguka na picha zikaonekana, usifanye jambo lingine lolote hadi uzinakili zote kwenye diski na ufungue kadhaa kuhakikisha ni nzima. Kisha chukua ile maikro SD, itoe kwenye adapta, na uiweke kwenye tundu lake dogo la rida. Ukiirudisha ndani ya adapta na kuipima hivyo, jibu litakuwa la vitu viwili kwa pamoja na hutajua ni kipi kibovu. Adapta huchakaa upesi kuliko kadi. Ndani yake kuna vijisahani vya shaba ambavyo hulegea, na plastiki yake ni vipande viwili vilivyogandishwa ambavyo huanza kuachana mdomoni.

Kadi zote mbili zikisomeka kwenye rida, basi kadi ni nzima na tatizo liko kwenye tundu, au kwenye chipu inayolihudumia, au kwenye draiva. Kadi moja ikikataa kwenye rida pia, jaribu kuirudisha kwenye kamera yake au kwenye laptopu ya rafiki kabla ya kuihukumu. Ikikataa kila mahali, kadi yenyewe ndiyo mgonjwa. Hapo usiifomati wala usikubali Windows iirekebishe. Ipeleke kwa mtu wa kuokoa data ikiwa hivyo ilivyo. Kwa yale uliyoniandikia, sidhani utafika huko. Kadi mbili tofauti haziharibiki wiki moja bila sababu, na zote mbili zimepita kwenye tundu lilelile.

Watu wengi hulaumu kile kitufe kidogo cha kufunga kilicho ubavuni mwa kadi ya SD. Kitufe hicho huzuia kuandika na kufuta tu. Kadi iliyofungwa husomeka vizuri kabisa, kwa hiyo hicho si chanzo cha kimya chako.

Sasa tuseme rida imesoma kadi zote mbili. Kimya cha laptopu yako kina maana yake, na ili kuielewa unahitaji kujua kilichomo ndani ya tundu. Kuna pini tisa nyembamba za shaba zilizopakwa dhahabu, zimepangwa karibu na mwisho wa tundu. Kila pini ni springi iliyobinuka kidogo, na kadi ikiingia huiteleza juu na kuikandamiza, hivyo pini inabana kile kipande cha dhahabu cha kadi. Kando ya pini hizo, ubavuni, kuna swichi ndogo sana ambayo watu hawaijui. Kadi ikifika mwisho huisukuma swichi hiyo, na ndipo laptopu inapojua kwamba kuna kadi. Ni sawa na ile swichi ya mlango wa friji inayowasha taa.

Laptopu haiulizi chochote kwenye zile pini tisa kabla ya swichi kuiambia kwamba kadi imefika. Kwa hiyo kuna vimya viwili vinavyofanana kwa macho yako. Kimoja ni kwamba swichi haijasukumwa, pengine kwa sababu kuna kitu nyuma kinachozuia kadi kufika mwisho. Kingine ni kwamba swichi imefanya kazi yake, laptopu imeita kadi, na kadi haikujibu kwa sababu pini muhimu haigusi. Pini ya mapigo ya saa au ile ya amri ikikosa kugusa, moja tu, kadi nzima haiitiki hata kama nyingine nane ziko sawa.

Windows haikuonyeshi tofauti hiyo kwa urahisi. Linux mara nyingi hukupa fununu. Kama una fleshi yenye Ubuntu, washa laptopu kutoka kwenye fleshi hiyo ukichagua kujaribu bila kusakinisha, fungua terminal na uandike:

```
sudo dmesg -w
```

Acha dirisha hilo wazi. Lakini ukague tundu kwa tochi kwanza, kama nitakavyoeleza, kwa maana hatutaki kusukuma kadi juu ya pini iliyopinda. Tundu likionekana salama, ingiza kadi isiyo na kitu cha maana, mara moja, polepole. Kwenye laptopu nyingi, tundu likiwa zima utaona mstari unaoanza na `mmc0: new` na kutaja aina ya kadi. Likiwa linaita, kadi ikaanza kujibu kisha ikanyamaza njiani, mara nyingi utaona mstari huu:

```
mmc0: error -110 whilst initialising SD card
```

Nambari hiyo ina maana kwamba muda wa kusubiri jibu umekwisha. Ukiiona, furahi kidogo, kwa sababu chipu iko hai, swichi inafanya kazi, na kwa kuwa kadi tumeshaipima, lawama inabaki kwenye pini zenye uchafu au zisizogusa. Ikiwa hakuna mstari wowote unaotokea, basi ama swichi haisukumwi, ama chipu haipo kazini, ama pini ya saa au ya amri haigusi kabisa.

Kama mambo ya Ubuntu yanakutisha, kuna kipimo kisichofika mbali hivyo ndani ya Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, uchague Device Manager, kisha utafute mahali palipoandikwa "Memory technology devices" au "SD host adapters". Jina la rida likiwepo bila alama ya njano, chipu inaonekana na mfumo. Likiwa na alama ya njano, bofya kulia, uchague Uninstall device, halafu uwashe upya ili Windows iweke draiva tena. Jina likikosekana kabisa usikate tamaa, kwa maana laptopu nyingine huzima rida ili kuokoa betri na kuiamsha tu pale ile swichi inaposukumwa. Pia zile laptopu za mtumba kutoka ofisi za ng'ambo, tunazoziita ex-UK, wakati mwingine huja rida ikiwa imezimwa ndani ya BIOS na kampuni iliyokuwa ikizitumia. Yako ilikuwa inasoma hadi wiki jana, kwa hiyo hilo si lako, ila mwenzako aliyenunua juzi na hajawahi kuona kadi ikisomeka aanzie hapo.

Turudi kwenye tundu. Zima laptopu kabisa ukiwa umeshika Shift wakati wa kubofya Shut down, kwa sababu bila hivyo Windows mara nyingi huacha nusu ya mfumo ikiwa imelala. Chomoa chaja, na kama betri inatoka, itoe. Kisha chukua tochi ya simu na uangalie ndani ya tundu, ukiigeuza laptopu pole pole hadi mwanga uingie kwa mshazari. Ukiweza, weka simu nyingine itoe picha na uikuze. Jicho peke yake linakosa mengi humo.

Unatafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni plastiki. Angalia uso wa adapta yako upande wenye dhahabu na utaona kuta nyembamba za plastiki zinazotenganisha vile vipande vya dhahabu. Kuta hizo ni dhaifu. Adapta ikikwama na mtu akaivuta, ukuta mmoja huvunjika na kubaki ndani, umelala katikati ya pini. Kwa hiyo hata kabla ya tochi, hesabu kuta za adapta yako na ulinganishe na za kadi ya kamera. Ukikuta nafasi ambapo ukuta ulipaswa kuwa na haupo, tayari unajua unachokitafuta.

Kuna laptopu ya mwanafunzi iliyowahi kuletwa mezani kwangu ikiwa na kesi inayofanana na yako. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa abadilishe madabodi. Rida ya USB ilisoma kadi yake bila shida. Kwenye Ubuntu hakukuwa na mstari wowote alipoingiza kadi, hata ule wa kosa. Nilipoingiza kadi ya kamera taratibu kupima kina, niliona kadi ilibaki nje kidogo zaidi kuliko alama ya zamani iliyokuwa imechubuka kwenye plastiki. Yaani haikuwa inafika mwisho, ndiyo maana swichi haikusukumwa na laptopu haikuuliza chochote. Tochi ilionyesha kibanzi cheupe, chembamba kama ukucha, kimesimama nyuma ya pini ya pili kutoka ukingoni. Kilipotoka, kadi ilifika mwisho, mstari wa `mmc0: new` ukatokea, na kazi ikaishia hapo. Hakuna pini iliyokuwa imeguswa.

Kibanzi kama hicho hutolewa hivi. Geuza laptopu tundu litazame chini, uigonge ubavu taratibu kwa kiganja. Kisha tumia ile pampu ya mpira unayosafishia lenzi, nina hakika unayo, upulize kwa mshazari kutoka pembeni ukiwa bado umeelekeza tundu chini. Hewa ya kopo inafaa pia mradi kopo lisimame wima na upulize kwa vipindi vifupi, kwa maana kopo likilazwa hutema kimiminika baridi. Mdomo usirudie tena. Pumzi ina unyevunyevu na mate, na unyevunyevu juu ya vumbi la Nairobi hugeuka tope jembamba linaloganda juu ya dhahabu. Kikikataa kutoka kwa hewa, tumia kijiti cha meno cha mbao au kibano cha plastiki, ukikivuta kuelekea nje kwa kufuata urefu wa pini. Usikivute kamwe kukatiza pini kutoka upande mmoja hadi mwingine. Sindano, pini ya nywele na kibano cha chuma viache kabisa.

Kitu cha pili unachotafuta ni uchafu uliogandamana: vumbi, nyuzi za mfuko wa laptopu, au ukungu wa kijani unaoonyesha maji yaliwahi kuingia. Kwa vumbi na mafuta tu, tafuta alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwenye maduka ya vifaa vya mafundi wa simu. Ile spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi mno kwa kazi hii. Chukua kadi ya zamani usiyoihitaji, paka matone mawili kwenye dhahabu yake, iingize na kuitoa taratibu mara tatu nne laptopu ikiwa imezimwa, uifute, kisha uache tundu likauke kwa nusu saa. Pamba ya masikio haifai hapa kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye ncha za pini na kuziinua. Na fanya hivi baada tu ya kuhakikisha hakuna pini iliyopinda. Ukiona ukungu wa kijani, acha. Huo umeshakula shaba, na mara nyingi umeenda hadi chini ya tundu ambako kadi ya zamani haifiki.

Kitu cha tatu ni pini zenyewe. Zote tisa zinapaswa kupanda kwa urefu unaolingana na kuelekea upande mmoja. Iliyolala chini kuliko jirani zake imechoka na haigusi kadi. Iliyoinama kando imesukumwa na kitu kilichoingia vibaya, kwa kawaida maikro SD iliyotumbukizwa peke yake bila adapta, au adapta iliyofunguka mdomo ikaidaka pini ilipokuwa ikitoka. Hii ya mwisho ndiyo ninayoihofia zaidi kwako.

Pini mbili zikigusana, usijaribu kadi yoyote hata mara moja. Mojawapo ya zile pini tisa huleta umeme wa volti 3.3, na jirani yake ni ya ardhi. Zikikutana, kadi inaweza kupata moto na chipu ya rida ikaungua, na hapo ndipo maneno ya jamaa wa Luthuli yanapoanza kuwa ya kweli.

Je, unyooshe mwenyewe? Nitakuambia ninavyoona. Pini moja iliyoinama kidogo kando, unayoiona vizuri, na mkono wako hautetemeki: unaweza. Laptopu ikiwa imezimwa, isukume kwa ncha ya kijiti cha meno hadi isimame sambamba na jirani zake, kidogo kidogo, ukisimama kila mara kuangalia. Chuma cha pini hizi hustahimili kupindwa na kurudishwa mara moja, pengine mbili. Ukikizungusha huku na huku kitakatika. Pini iliyokunjwa kuelekea ndani kama ndoano, iliyolala chini, au iliyo nyuma kabisa ambapo hukuiona bila kuhangaika, niachie mimi au fundi mwingine mwenye darubini. Kutoka nje huna nafasi ya kuiinua bila kuvunja. Fundi hufungua kifuniko na kuifikia kutoka juu.

Unapompelekea fundi, muulize kwanza swali moja: tundu hili liko kwenye madabodi yenyewe au kwenye bodi ndogo ya pembeni? Laptopu nyingi huweka tundu la kadi pamoja na USB moja na tundu la vipokea sauti kwenye bodi ndogo inayounganishwa na madabodi kwa ribon. Kama yako ni hivyo, hakuna haja ya kuchomelea chochote. Bodi ndogo ya mtumba ya modeli hiyohiyo inapatikana mjini, inabadilishwa kwa bisibisi, na gharama huwa ndogo. Tundu likiwa limechomelewa moja kwa moja kwenye madabodi, linahitaji kung'olewa kwa hewa moto na jipya kuwekwa, kazi ambayo fundi asiye na uzoefu anaweza kuharibu vitu vya karibu. Kwa hali hiyo mimi mwenyewe humshauri mteja abaki na rida ya USB, hasa mtu kama wewe ambaye kazi yake ni kunakili picha. Matundu mengi ya laptopu za zamani ni ya polepole, na rida ya USB 3.0 katika tundu la USB la buluu mara nyingi hunakili haraka zaidi. Hasara yake ni kwamba ni kitu kingine cha kubeba na kupotea. Pia tundu lenye pini zinazogusana lisiachwe wazi. Lizibe kwa ile kadi bandia ya plastiki iliyokuja na laptopu kama unayo na kama inaingia bila kugusa pini, au uweke kipande cha utepe mdomoni ili mtoto au msaidizi asitumbukize kadi kwa mazoea.

Nenda kwa fundi bila kuchelewa kama kuna pini iliyovunjika au kukosekana, kama kuna ukungu wa kijani, kama umewahi kunusa kitu kikiungua au kadi ikatoka moto, au kama laptopu ilizimika yenyewe ulipoingiza kadi. Usiende na kadi yenye picha za wateja. Beba kadi tupu ya kujaribia na ile rida yako ya USB, mwonyeshe kwamba kadi inasomeka kwenye rida, na kabla hujalipa mwombe aiingize kadi hiyohiyo kwenye tundu mbele yako, aitoe, aiingize tena, anakili faili moja kubwa kwenda na kurudi. Na ile adapta iliyokwama, hata kama bado inasoma, ikate kwa mkasi leo. Adapta mpya haigharimu chochote cha maana, na hiyo ya zamani ikiachwa kwenye mfuko wa kamera, siku ya harusi yenye haraka utajikuta umeiingiza tena.